Shajara ya mradi: tangazo la pikipiki iliyotumika, kwa maneno ya matangazo ya gazetini

Lengo

Kazi ni moja: kuandika tangazo dogo la kuuza pikipiki iliyotumika, lisilozidi maneno 30, litakalokaa kwenye safu ya matangazo madogo ya gazeti bila kulazimisha mhariri wa ukurasa kulikata. Msamiati na mpangilio vinatoka kwenye matangazo halisi yaliyopigwa picha kutoka kwenye kurasa za magazeti. Maneno yale hatuyachukui kwa sababu ni mazuri. Tunayachukua kwa sababu wasomaji wa safu hiyo wamekwisha kuyazoea na wanajua waangalie wapi.

Tumejiwekea sharti moja, nalo ndilo linaloamua kila neno: neno likilipiwa, mnunuzi aweze kulihakiki akiwa amesimama kando ya pikipiki. Lisilohakikika litoke, hata kama lipo kwenye kila picha.

Majina na namba za simu za wauzaji waliomo kwenye picha zinafutwa kabla ya kitu kingine chochote kufanywa. Hazihitajiki katika kazi hii.

Kupiga picha za kurasa — imekamilika

Karatasi ya gazeti ni nyembamba, na wino wa upande wa pili huonekana. Ukipiga picha ukurasa ukiwa juu ya meza nyeupe, herufi za nyuma hujitokeza kama kivuli na kuvuruga zile za mbele. Dawa yake ni kuweka karatasi nyeusi chini ya ukurasa. Nyeusi humeza mwanga unaopenya, na kivuli hicho hupungua sana.

Mwanga wa dirishani unatosha, ila utoke pande mbili, au upande mmoja huku karatasi nyeupe imesimamishwa upande wa pili irudishe mwanga. Taa ya kamera haifai: huacha doa jeupe katikati na kingo zikabaki gizani. Kamera iwe sambamba na ukurasa. Ikiinama kidogo tu, safu hupinda, na herufi za mistari ya mbali huwa ndogo kuliko za karibu.

Umbali ndio unaosumbua zaidi. Herufi za matangazo madogo huwa za ukubwa wa takriban pointi 6, na herufi ndogo kama «a» au «e» ina urefu wa karibu milimita 1 tu kwenye karatasi. Ili isomeke bila kubahatisha, tunataka urefu huo uchukue nukta zipatazo 20 za picha. Safu yenye upana wa milimita 45 basi inahitaji nukta kama 900 hadi 1,000 kwa upana. Ukipiga ukurasa mzima wa gazeti dogo, wenye upana wa karibu milimita 280, kwa kamera yenye nukta 4,000 upande huo, kila milimita hupata nukta 14 tu. Picha itaonekana safi kwenye skrini ya simu, lakini ukiikuza, 3 na 8 hazitofautishiki. Kwa hiyo tunapiga nusu ukurasa kwa wakati, na rula ikiwa pembeni ili vipimo vipatikane baadaye.

Mikunjo inanyooshwa kwa kitabu kizito kwanza, haipigwi pasi. Joto hukausha karatasi ya gazeti na kuifanya ivunjike kwenye mkunjo, na mkunjo mara nyingi umepita katikati ya mstari wenye bei.

Kunakili — imekamilika, isipokuwa vipande vilivyowekwa kando

Kila tangazo linanakiliwa mara mbili. Nakala ya kwanza ni kama lilivyochapwa, pamoja na vifupisho, makosa ya tahajia na mahali mstari ulipokatika. Nakala ya pili ina maneno kamili. Anayenakili mara moja tu huanza kusahihisha bila kujua, na kinachopotea ni kile kile tunachokitafuta, yaani namna tangazo lilivyobanwa.

Makosa ya kusoma yanaangukia mahali pale pale. Tarakimu 3 husomwa 8, 5 husomwa 6, na 1 husomwa 7, hasa wino ukiwa umemwagika kidogo. Mengine hujisahihisha kwa akili ya kawaida. Ukiona injini imeandikwa «cc 1?5» na pikipiki yenyewe inajulikana kuwa ndogo ya safari za kila siku, huenda jibu ni 125, na jina la modeli litathibitisha. Lakini «km 3,000» na «km 8,000» zote zinawezekana, na hakuna hoja ya kukuambia ni ipi. Hapo tunaandika [?] na tangazo linawekwa kando. Tusingependa mfano wenye tarakimu ya kubuni uingie kwenye mkusanyo.

Alama ya maelfu nayo iangaliwe. Baadhi ya matangazo yana 45,000, mengine 45.000, na yako yaliyoacha nafasi tupu. Kwenye tangazo letu tumechagua mkato, na tutaushikilia kwa kilomita na kwa bei.

Picha zinasema nini kuhusu mpangilio

Matangazo yanayosomeka vizuri yana mfuatano unaofanana: jina la kiwanda na modeli, mwaka, kilomita, hali, karatasi, bei, simu. Jina huwa kwa herufi kubwa kwa sababu jicho la msomaji hushuka safuni likitafuta jina hilo na si kitu kingine.

Maneno mawili yanapoteza pesa mwanzoni kabisa. La kwanza ni «Inauzwa», la pili «Pikipiki». Tangazo limo chini ya kichwa cha safu kinachosema PIKIPIKI, na kila kilichomo kwenye safu hiyo kinauzwa. Vivyo hivyo «aina ya» kabla ya jina. Nenda moja kwa moja kwenye jina.

Baada ya hapo picha zinagawanyika. Kuna maneno ya sifa: «hali nzuri sana», «imetumika kidogo», «haina tatizo lolote», «wahi haraka». Na kuna maneno ya kuhakikika: «mmiliki mmoja», «injini haijafunguliwa», «matairi mapya», «karatasi zote zipo». Kundi la pili ndilo linalofaa, ila lina hatari yake. Neno la kuhakikika likikutwa si kweli, mnunuzi haamini tena hata yale yaliyokuwa kweli, na anaanza kushusha bei kwa kila kitu.

Maneno tunayoyapinga kuliko yote ni «inahitaji matengenezo madogo». Mwandishi wake huenda alikuwa na nia njema, alitaka kusema kuna taa haiwaki. Msomaji lakini hajui ni taa au ringi za pistoni, na kwa kuwa hajui, anakadiria lililo baya zaidi. Ubovu ukitajwa kwa jina huwa na gharama inayojulikana. Usipotajwa hauna kikomo.

Kuikagua pikipiki yenyewe — imekamilika

Pikipiki ni Yamaha YBR 125, silinda moja, inayopozwa kwa hewa. Kila neno linalotaka kuingia kwenye tangazo limetafutiwa ushahidi kwenye chuma chenyewe au kwenye karatasi.

*Kilomita.* Dirisha la mita linaonyesha tarakimu sita: 418637. Tarakimu ya mwisho ina rangi tofauti na zile tano, maana yake ni sehemu ya kumi ya kilomita. Usomaji sahihi ni 41,863.7. Anayesoma tarakimu zote sita kwa mkupuo ataandika 418,637, na hakuna atakayepiga simu. Kuna mtego wa pili: mita yenye tarakimu tano za kilomita ikifika 99,999 huanza upya kwenye sifuri, hivyo 41,863 inaweza kuwa 141,863. Tumepima kwa vitu viwili. Stakabadhi za kubadilisha oili zina kilomita zilizoandikwa kwa mkono, nazo zinapanda bila kurudi nyuma. Mpira wa kukanyagia wa gia umelainika lakini haujatoboka. Vyote vinakubaliana na 41,863. Kwenye tangazo tunaandika 42,000, tukipandisha na si kushusha, kwa kuwa pikipiki itaendelea kutumika hadi iuzwe. Mnunuzi akikuta mita iko chini kidogo ya tangazo hana la kulalamikia.

*Karatasi.* Kadi ya usajili ina jina la muuzaji mwenyewe. Namba ya chesisi imesomwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, na namba ya injini imesomwa kwenye kasha la injini. Zote mbili zimelinganishwa na kadi herufi kwa herufi, baada ya kufuta mafuta kwa kitambaa na kumulika tochi kwa pembeni ili mikato ionekane. Zinalingana. Hata hivyo haziandikwi kwenye tangazo. Namba ya chesisi ikisambazwa gazetini, mtu anaweza kuitumia kutengenezea karatasi za pikipiki nyingine. Mnunuzi ataziona akifika.

*Injini.* Hapa ndipo maneno «injini haijafunguliwa» yalipokwama. Injini isiyofunguliwa ina dalili zake: vichwa vya bolti vina kingo kali, rangi haijachubuka pale spana inaposhika, na hakuna gundi ya gasketi iliyojitokeza kwenye maungio. Bloku na kichwa cha silinda viko hivyo. Lakini mfuniko wa klachi, upande wa kulia, una uzi mwembamba wa gundi ya kijivu chini ya ukingo, na bolti mbili zimeng'aa kuliko nyingine. Stakabadhi inaeleza: sahani za klachi zilibadilishwa kilomita 41,200. Fundi yeyote atakayeletwa na mnunuzi atauona uzi ule kabla hajawasha. Tangazo likisema «haijafunguliwa», ataonyesha kidole hapo, na mazungumzo ya bei yatakuwa yameharibika. Kwa hiyo tunalitaja jambo lenyewe kama sifa, «klachi mpya», na stakabadhi inawekwa kwenye bahasha ya karatasi.

Kuiwasha kumefanywa injini ikiwa baridi kabisa, baada ya kugusa silinda kwa mkono kuhakikisha. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Moshi mweupe mwepesi wa dakika za mwanzo ni mvuke wa maji na hutoweka. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Hii ilitoa mvuke kidogo, kisha bomba likawa safi. Hatuandiki «haitoi moshi», kwa kuwa mnunuzi atajionea mwenyewe kwa kuiwasha, na maneno mawili yamebaki mfukoni.

*Cheni.* Cheni ya namba 428 ina umbali wa milimita 12.7 kati ya pini na pini. Unaivuta ikaze, unahesabu pini 21, unapima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 21. Ikiwa mpya inatoa milimita 254. Ikifika 259 imelegea kwa asilimia 2 na inafaa kutolewa. Hii ilitoa 258. Kwa kipimo bado ilikuwa hai, ila kuitangaza pikipiki yenye cheni iliyobakiza milimita moja ni kumwachia mnunuzi hoja ya kushusha bei zaidi ya gharama ya cheni yenyewe. Imebadilishwa pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya ikifungwa kwenye meno yaliyokwisha kulika huvutika haraka, kwa sababu haikai tena vizuri kwenye meno hayo.

*Matairi.* Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. La nyuma lina 3823, yaani wiki ya 38 ya 2023. La mbele lina 0917, na lina nyufa ndogo kwenye mashina ya kashata zake. «Matairi mazuri» hayawezi kuandikwa. Ingewezekana kutaja la nyuma peke yake, lakini tairi linaonekana kwa jicho mara moja, na kulitaja moja ni kualika swali kuhusu lile jingine bila kulijibu. Limeachwa nje ya tangazo na limeandikwa kwenye majibu ya simu.

*Shokapu za mbele.* Nguzo ya kushoto ina pete ya mafuta yenye vumbi, sentimita chache juu ya sili. Tuliifuta, tukabana breki ya mbele na kuusukuma usukani chini mara kadhaa, pete ikarudi. Sili inavuja. Huu ni ubovu wa kusema wazi, kwa sababu mafuta yakishuka hadi kwenye breki, breki hazishiki. Muuzaji anaweza kubadilisha sili au kuitaja. Amechagua kuitaja.

Rasimu ya kwanza

Hii imeundwa makusudi kwa maneno yanayojirudia zaidi kwenye picha, ili tuone yanatufikisha wapi:

> INAUZWA: Pikipiki nzuri sana aina ya Yamaha YBR 125, imetumika kidogo, injini haijawahi kufunguliwa, iko katika hali nzuri kabisa, matairi mazuri, ina karatasi zote, inahitaji matengenezo madogo tu. Bei nzuri, maelewano yapo. Haraka wahi! Simu [namba].

Maneno 36, ukihesabu namba ya simu kama neno moja. Hakuna mwaka, hakuna kilomita, hakuna bei. Mtu akipiga simu atauliza hayo matatu kwanza, na wengi hawatapiga. Mawili ya madai yake, matairi na injini, yanaanguka mbele ya fundi. Kinachobaki baada ya kutoa sifa ni jina la pikipiki na namba ya simu.

Rasimu ya pili na kukatika kwa mistari

> YAMAHA YBR 125, 2014, km 42,000. Kadi kwa jina la muuzaji. Klachi, cheni na sproketi mpya. Sili ya shokapu mbele kushoto inavuja. Bei [kiasi], maelewano yapo. Simu [namba], jioni.

Maneno 29. Bei inajazwa na muuzaji siku ya kupeleka. «Maelewano yapo» limebaki kwa sababu ni kweli: muuzaji ana kiwango cha chini alichokwisha kukiamua, na bei iliyoandikwa iko juu yake. Asiyekuwa na nafasi ya kushuka aliondoe, maana kila anayepiga simu ataanza kwa kulishika neno hilo.

Kisha tukalipanga kwenye safu inayobeba herufi 28 kwa mstari, pamoja na nafasi. Mstari wa kwanza ukawa «YAMAHA YBR 125, 2014, km», na «42,000» ikashuka chini peke yake. Msomaji anayepitisha jicho haraka anaona 2014 ikifuatiwa na km, na anaweza kuamini kwamba pikipiki imetembea kilomita 2,014. Nafasi isiyokatika ingetatua hilo kwenye kompyuta, lakini hupotea maandishi yanapohamishwa kutoka fomu moja hadi nyingine. Tumeunganisha: km42,000. Inasomeka, haikatiki, na inahesabiwa kama neno moja. Jumla imekuwa maneno 28.

Mpangilio wa sasa:

> YAMAHA YBR 125, 2014,
> km42,000. Kadi kwa jina la
> muuzaji. Klachi, cheni na
> sproketi mpya. Sili ya
> shokapu mbele kushoto
> inavuja. Bei [kiasi],
> maelewano yapo. Simu
> [namba], jioni.

Mistari minane. Ni vizuri kujua kama gazeti linatoza kwa neno au kwa mstari, kwa kuwa hesabu hubadilika. Kwa mstari, kuondoa «jioni» hakupunguzi senti hata moja, kwani namba ya simu inabaki pale pale kwenye mstari wa nane. Kwa neno, kila kilichotoka kimeokoa pesa. Lakini «jioni» linabaki kwa vyovyote. Simu inayopigwa muuzaji akiwa kazini hujibiwa kwa haraka, na mpigaji huhamia kwenye tangazo linalofuata.

Majibu ya simu

Karatasi moja inakaa karibu na simu ili majibu yasibadilike kati ya mpigaji na mpigaji. Ina mambo ambayo hayakupata nafasi: kilomita za siku hiyo kama zilivyo kwenye mita, kilomita za kubadilisha klachi, tairi la nyuma la 2023 na la mbele la 2017 lenye nyufa, na kwamba bloku haijafunguliwa ila mfuniko wa klachi umefunguliwa. Mpigaji akiuliza kwa nini sili haijabadilishwa, jibu ni kwamba bei imekwisha kuzingatia hilo. Kwa hiyo hakuna kushusha mara ya pili kwa sababu ile ile.

Anayetaka kuijaribu aje mchana, injini ikiwa baridi.

Kilichobaki

Tangazo likipelekwa, tuombe kuona lilivyopangwa kabla ya kuchapwa, na tukague vitu vitatu kwa mpangilio huu: namba ya simu tarakimu kwa tarakimu ikisomwa kwa sauti na mtu mwingine, bei pamoja na mkato wake wa maelfu, kisha kilomita. Likipelekwa kwa simu, maneno «klachi» na «sili» yatamkwe herufi moja moja. Asiyejua vipuri akisikia «sili» huenda akaandika kitu kingine, na ubovu uliotajwa kwa uaminifu ukageuka neno lisiloeleweka.

Tangazo likirudiwa wiki nyingine, kilomita zisomwe upya kwanza. Mita ikivuka 42,000, tarakimu ya tangazo inapanda hadi 42,500 kabla ya kulipia tena.

Hali ya kazi: maneno yamefungwa, bei inasubiri muuzaji, nafasi ya gazetini haijalipiwa.